Chila juu ya paa, wageni wa ghorofa ya tatu hawalali. Tatizo ni mpira, bomba au slabu?

#1 Fundi wa Zamu (Jumanne, 20:47)

Wakuu, habari za jioni.

Nasimamia matengenezo kwenye hoteli moja hapa Kigoma mjini, ghorofa tatu. Juu ya paa kuna chila ya kupozwa kwa hewa yenye kompresa mbili za skrubu na feni sita. Chini yake moja kwa moja kuna vyumba 304, 305 na 306. Tangu ifungwe mwaka jana, wageni wa vyumba hivyo wanalalamika. Mmoja aliweka glasi ya maji kwenye kabati, akaniita nione viduara vinavyojichora juu ya maji. Mwingine anasema kuna mvumo unamwingia kichwani kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

Aliyeifunga aliweka pedi za mpira mweusi chini ya miguu sita, akaondoka. Nikimpigia anasema pedi ni za kiwango na shida ni jengo. Mwenye jengo anasema shida ni mashine. Mimi nipo katikati.

Kitu cha ajabu ni kwamba umeme ukikatika tukawasha jenereta, mtetemo wa 305 unaongezeka. Jenereta iko chini, nyuma ya jengo, mbali kabisa.

Nibadilishe nini kwanza?

#2 Mgebuka Mkavu

Badilisha wageni. Leta wavuvi, wao hawalali usiku hata hivyo.

#3 Tairi la Fuso

Mkuu hiyo ni rahisi sana. Mimi nina jenereta kubwa huku Ujiji, nimekata tairi la lori vipande vinne nikaweka chini. Mwaka wa nane huu, jirani hajawahi kulalamika. Pedi zako ni nyembamba, ndiyo maana. Weka tairi, tena mbili mbili. Na kuhusu jenereta jibu unalo mwenyewe: inatetemesha ardhi, ardhi inatetemesha nguzo, nguzo inapeleka juu. Ifunge vizuri hiyo jenereta kwanza.

#4 Dada Mwandiga

Afadhali uzi huu umekuja. Mimi AC yangu ya chumbani ile mashine ya nje imefungwa kwenye ukuta wa upande wa kitanda. Ikiwaka ukuta mzima unalia. Hii chila ndiyo hiyo hiyo au ni kitu kingine? Nifanyeje?

#5 Mzee Bomba

Fundi wa Zamu, kabla hujanunua chochote nijibu haya manne.

Moja, pedi zako zilikuwa na unene gani zikiwa mpya na sasa zimebaki na ngapi zikiwa na mzigo juu yake? Pima kwa rula, usikadirie.
Mbili, kibati cha mota za feni kinasema mizunguko mingapi kwa dakika?
Tatu, chila imekaa wapi ukilinganisha na nguzo?
Nne, ukizima feni peke yake kompresa zikabaki, kipi kinaondoka: mtetemo wa glasi au mvumo wa nyuki?

La nne ndilo kubwa. Umeeleza malalamiko mawili kana kwamba ni moja, na mimi naona ni mawili.

@Dada Mwandiga, yako ni ndogo. Hamisha bano lije kwenye ukuta usio wa chumba cha kulala, au lishushe kwenye zege chini. Usipoweza, weka mipira laini kati ya mashine na bano, kisha hakikisha yale mabomba ya shaba hayajabanwa kwa nguvu ukutani. Wengi wanaweka mpira halafu bomba linapeleka kelele ile ile ndani.

#6 Fundi wa Zamu

Shikamoo mzee. Nimepanda juu leo asubuhi.

Pedi mpya (zimebaki mbili stoo) ni mm 12. Zilizo chini ya chila nimezipima pande zote, zina mm 11, na ile ya mwisho haijashuka hata nukta. Ni mpira mgumu, ukucha hauingii.
Feni zimeandikwa 920.
Nguzo zimeachana mita 7 na chila ipo katikati kabisa, kama meza ya pembeni isiyo na mguu chini.
Jaribio la feni nitafanya usiku wageni wakipungua.

#7 Mzee Bomba

Marahaba. Umefanya kazi nzuri, wengi wananitumia picha ya kibati cha chila basi.

Sikiliza sasa, na Tairi la Fuso asikilize pia. Pedi au springi haizuii mtetemo kwa sababu ni nene au ni mpira. Inazuia kwa sababu inabonyea. Kadiri mzigo unavyoibonyeza ndivyo inavyocheza polepole, na inatakiwa icheze polepole sana kuliko mashine inavyotikisa. Hesabu yake fupi ni hii, `d` ikiwa ni milimita ilizobonyea na jibu ni mitikisiko kwa sekunde, yaani hezi:

```
fn = 15.8 / sqrt(d)
```

Pedi yako imebonyea mm 1. Jibu ni hezi 15.8. Feni yako inazunguka mara 920 kwa dakika, gawa kwa 60 unapata hezi 15.3. Unaona? Pedi na feni zinaimba sauti moja. Hapo pedi haizuii kitu, inaongeza. Bila pedi kabisa ungekuwa na nafuu.

Ungekuwa na springi iliyobonyea mm 25, ingecheza kwa hezi 3.2 hivi. Feni ya 15.3 ni karibu mara tano ya hiyo, na kinachopita kwenda kwenye slabu ni kama asilimia 4 au 5 tu ya msukumo wake.

Tairi la lori lina waya ndani na ni gumu. Kwa jenereta iliyo juu ya ardhi, ardhi ndiyo inayokusaidia, siyo tairi. Itoe uone kama jirani atajua.

#8 Tairi la Fuso

Mzee nakuheshimu ila miaka minane siyo utani. Sitoi.

#9 Unyanyembe

Niongeze kutoka Tabora. Nilisimamia jengo la ofisi lenye chila ndogo juu, na sisi tulikuwa na springi kabisa, zile za kwenye kopo la chuma zenye bolti za pembeni. Kelele zilikuwa vile vile. Tukalaumu springi miezi minne.

Siku moja nikapanda na kipande cha karatasi ngumu nikajaribu kukipitisha kati ya nati ya kizuizi na kibati cha juu. Hakikupita hata kona moja. Kumbe zile bolti za kushikilia wakati wa kusafirisha hazikulegezwa. Na mbili zilikuwa zimelegezwa vizuri mwanzoni, ila fundi wetu wa zamu alizikaza tena kwa sababu chila ikiwaka "inacheza". Ni lazima icheze kidogo ikianza na ikizima, inapita kwenye ule mwendo wa polepole wa springi. Springi iliyokazwa ni chuma tu, haina tofauti na bolti.

Tukalegeza tukaacha nafasi kama mm 6. Kelele ilishuka siku hiyo hiyo.

#10 Zege Nzito

Mimi ni wa majengo, siyo wa baridi. Nina neno moja na hesabu ya Mzee Bomba. Inachukulia slabu ni mwamba. Slabu ya mita 7 siyo mwamba. Ikiwekewa mashine katikati nayo inabonyea, tuseme mm 2 au 3 kwa uzito wa mashine peke yake, inategemea unene na bimu. Pedi ikibonyea mm 1 na slabu mm 3, basi slabu ndiyo springi laini na pedi haipo kwenye mchezo. Unaweza kuweka pedi ya aina yoyote chini ya hapo, utakuwa unabadilisha rangi tu.

Kwa hiyo ule mlingano wa 15.8 na 15.3 unaweza kuwa ni bahati mbaya ya namba. Huenda ni slabu yenyewe inayoimba.

#11 Mzee Bomba

Zege Nzito yuko sawa na ndiyo maana niliuliza nguzo. Kanuni yangu ni kwamba springi ibonyee angalau mara kumi ya slabu inavyobonyea kwa ile mashine. Ndiyo maana kwenye slabu fupi ya mita 6 hivi mm 25 inaweza kutosha, ila ukienda mita 9 naweka mm 38 mpaka 50 kwa mashine ile ile. Watu wanachagua springi kwa uzito wa chila tu, wanasahau kuuliza imekaa juu ya nini.

Na niongeze kinachonipinga mwenyewe: mpira ukitikiswa haraka huwa mgumu kuliko ukikaliwa tu. Kwa hiyo hiyo pedi huenda kwa kweli inacheza kwa hezi 18 au zaidi, siyo 15.8. Bado ni mbaya, lakini siyo "sauti moja" kama nilivyosema. Nilikimbilia.

#12 Kijana wa Gungu

Kwani hewa ya ziwani haiwezi kuwa imegandisha mpira? Ile chumvi inakula kila kitu, hata mabati.

#13 Mgebuka Mkavu

Chumvi ipi kijana? Tanganyika ni maji baridi, tunayanywa. Chumvi tunaletewa kutoka Uvinza. Rudi shule.

#14 Kijana wa Gungu

😂 Nimekubali. Jua basi. Jua linagandisha mpira.

#15 Mzee Bomba

Jua ndiyo. Mpira wa asili ulio wazi juu ya paa unapasuka na kukauka. Kwa mwaka mmoja siyo sababu ya mm 1, ila kwa miaka mitano ungekuwa na hoja.

#16 Fundi wa Zamu (Alhamisi, 01:20)

Wakuu, nimetoka juu sasa hivi. Niliweka mlinzi 305 na glasi ya maji, tunaongea kwa simu.

Feni zote zimezimwa kwa dakika mbili, kompresa zinaendelea (niliogopa shinikizo likapanda nikawasha haraka). Viduara kwenye glasi vikaisha kabisa. Mvumo wa nyuki umebaki vile vile.

Kisha nikazima feni moja moja. Nikizima ya tatu, viduara vinapungua kama nusu. Nyingine hazina tofauti kubwa.

Kisha nikazima kompresa moja. Mvumo ukabaki lakini ukatulia. Zikiwa mbili unakuja na kuondoka, uuuu... uuuu... kama kila sekunde tatu. Ikiwa moja ni mstari ulionyooka.

Mzee ni kweli ni mawili.

#17 Mzee Bomba

Safi sana. Hilo la kuja na kuondoka ni kompresa mbili zinazozunguka karibu sawa ila siyo sawa kabisa, moja imebeba mzigo zaidi. Mvumo wenyewe ni wa juu, meno ya skrubu yakipishana. Kompresa inayozunguka mara 49 kwa sekunde yenye meno matano kwenye skrubu dume inatoa hezi 245. Hiyo unaisikia kwa sikio. Feni ya hezi 15 huisikii, unaiona kwenye maji na kwenye mlango unaogonga fremu.

Na hapa ndipo njia zinaachana. Ule wa hezi 245 haupiti sana kwenye pedi. Unapita kwenye bomba. Niambie mabomba ya maji yanatokaje kwenye chila.

#18 Chuma Chakavu

Feni ya tatu! Mnazunguka sana wazee. Panda na ngazi, angalia mapanga yake. Juzi nilikuta panga moja limepoteza kile kichuma kidogo cha kusawazisha, na jingine lina kiota cha ndege kilichokauka kwenye kitovu. Mnajadili springi wakati feni yenyewe inachechemea. Safisha, sawazisha, lala.

#19 Zege Nzito

Chuma Chakavu ana hoja. Ila ukisawazisha feni leo, baada ya vumbi la miezi sita itarudi. Pedi mbovu inabaki mbovu.

#20 Chuma Chakavu

Kusafisha feni ni ndoo na sabuni. Springi sita ni mpaka Dar. Mwenye hoteli atachagua nini?

#21 Mtaa wa Lumumba

Mnaohangaika na makelele ya hotelini, njooni mtusaidie na ile baa inayopiga muziki mpaka alfajiri. Nimeshaambiwa niende NEMC. Kuna mwenye uzoefu?

#22 Mgebuka Mkavu

Huyo naye. Uzi ni wa chila mkuu, baa fungua wako, tutakuja wote.

#23 Fundi wa Zamu

Nimemwona feni namba tatu. Hakuna kiota. Ila panga moja limejikunja kidogo kwenye ncha, kama lilipigwa wakati wa kupandisha mashine na kreni. Nimelinyoosha kadiri nilivyoweza. Viduara vimepungua ila havijaisha. Chuma Chakavu una pointi yako moja.

Mabomba: kuna zile fleksibo za mpira mbili karibu kabisa na chila. Baada ya hapo bomba la inchi nne linatembea mita tatu juu ya paa likiwa limebanwa kwa bolti za U kwenye vibao vya zege, halafu linazama kwenye slabu kwenda chini. Linapozama, tundu limezibwa kwa saruji pande zote, bomba na slabu ni kitu kimoja.

Niliweka ncha ya bisibisi kwenye bomba na mpini sikioni. Nyuki yule yule. Nikaweka kwenye slabu hatua mbili kutoka kwenye mguu wa chila, karibu hakuna. Nikaweka kwenye slabu pale bomba linapozama, nyuki amerudi.

#24 Mzee Bomba

Umejijibu. Bisibisi sikioni ni chombo cha bei rahisi kuliko vyote na hakidanganyi.

Fleksibo peke yake haitoshi. Maji yaliyo ndani yanabeba mlio kupita katikati yake, na fleksibo ikiwa na shinikizo hukaza. Halafu angalia zile fimbo za pembeni za kuzuia isivutike. Nati zake zikigusana na kibati bila mpira, umeiunganisha tena kwa chuma.

Fanya hivi. Chukua tindo, vunja saruji kuzunguka bomba pale linapozama, mpaka uone mwanga pande zote. Jaza pamba ya glasi kisha ziba juu na chini kwa silikoni laini ili mvua isiingie, maana hapo ni paa. Kisha yale mabano matatu manne ya kwanza, badala ya bolti ya U juu ya chuma, weka yanayokaa kwenye springi au mpira laini.

Hiyo ni ya mvumo. Ya glasi bado ni springi.

#25 Mpemba wa Bara

Kwa nini asijenge ukuta wa tofali kuzunguka chila? Huku Dodoma tulijenga, majirani wakanyamaza.

#26 Unyanyembe

Majirani, ndiyo. Waliokuwa chini ya chila je? Ukuta unazuia kelele inayosafiri hewani. Hii inasafiri kwenye bomba na zege. Na ukijenga karibu sana, hewa ya moto inayotoka kwenye feni inarudi kuvutwa tena pembeni, shinikizo linapanda, chila inajizima mchana wa jua kali. Nimeshaona ikitokea, wakabomoa mistari mitatu ya tofali.

#27 Mpemba wa Bara

Ya kwetu ilijizima sana kweli. Tulidhani ni gesi.

#28 Fundi wa Zamu

Mzee, tuzungumzie springi sasa. Nimepata karatasi ya chila. Uzito ikiwa na maji ni kilo 2,400. Kuna mtu Dar ameniambia atanipa springi sita zinazofanana, kila moja ya kilo 600 kwa mm 25. Sita mara 600 ni 3,600, zimezidi. Ni sawa?

#29 Mzee Bomba

Hapana. Angalia kwenye karatasi hiyo hiyo, kuna mchoro wa miguu na uzito wa kila mguu. Chila haigawi uzito sawa.

#30 Fundi wa Zamu

Upo. Miguu miwili upande wa kompresa kilo 560 kila mmoja. Ya katikati 400 kila mmoja. Ya mwisho 240 kila mmoja.

#31 Mzee Bomba

Sasa weka hizo springi za jamaa. Penye 560 zitabonyea mm 23. Katikati mm 17. Mwisho mm 10. Chila yako itainama mm 13 kutoka kichwa mpaka mkia, na bomba lililofungwa kwa usawa litavutwa. Unaweza kuinua kwa bolti za kusawazisha ikakaa mlalo, lakini ule upande wa mwisho bado umebonyea mm 10 tu, unacheza kwa hezi 5. Siyo maafa, feni bado ni mara tatu yake, ila umelipia springi za mm 25 ukapata za mm 10.

Agiza kwa mguu: mbili za karibu kilo 600, mbili za kilo 420 au 450, mbili za kilo 250, zote zibonyee mm 25 kwa mzigo wake. Wenye springi huzipaka rangi tofauti kwa sababu hiyo. Na chini ya kila springi kuwe na pedi ya mpira, maana ule mlio wa juu hupanda kwenye koili ya chuma kama maji kwenye utambi.

Halafu zisiwe springi wazi. Ziwe na kizuizi cha juu na pembeni. Siku ukimwaga maji kwenye chila kwa matengenezo inakuwa nyepesi na kunyanyuka, bila kizuizi bomba linavunjika.

#32 Ndugu wa Kibirizi

Hapo kwenye kizuizi nami niingie. Nyie wa juzi hamkumbuki tetemeko la Desemba 5, 2005. Saa tisa alasiri, 6.8, chini ya ziwa. Nilikuwa dukani, makopo ya maziwa yakashuka kwenye shelfu yenyewe. Upande wa pili kule Kalemie majengo yalianguka. Ukiweka tani mbili na nusu juu ya springi laini kwenye paa la mji huu, siku ile ikirudi itacheza ngoma.

#33 Zege Nzito

Kabisa. Springi laini inaipa mashine mwendo mkubwa zaidi ardhi ikitikisika. Kizuizi kiwe na nguvu, na bolti zake ziingie kwenye zege la kweli, siyo kwenye plasta ya mteremko wa maji. Nimeshang'oa moja kwa mkono.

Na bado nasema: isogezeni. Wekeni bimu mbili za chuma zikae kutoka nguzo mpaka nguzo, springi zikae juu ya bimu. Katikati ya slabu mita 7 hamtapata amani.

#34 Mgebuka Mkavu

Mwenye hoteli akisoma uzi huu atauza chila anunue mapanga boi.

#35 Fundi wa Zamu (Jumapili, 22:05)

Marejesho. Saruji ya kuzunguka mabomba nimevunja, pamba na silikoni zimeingia. 304 mvumo umekwisha kabisa, mgeni kalala mpaka saa tatu asubuhi. 305 umepungua. 306 bado upo kidogo, sijui unapita wapi. Mabano sijagusa.

Sasa jambo la jenereta. Niliweka simu sakafuni 305, ina programu ya kupima mtikisiko. Kwa umeme wa kawaida kilele kiko hezi 15.3. Nikahamia jenereta kikaenda 15.8, na urefu wa kilele ukawa zaidi ya mara mbili. Mita ya paneli ya jenereta inaonyesha 51.6 badala ya 50.

#36 Tairi la Fuso

Si nilisema ni jenereta!

#37 Mzee Bomba

Ulisema jenereta inatikisa ardhi. Siyo hiyo. Jenereta ya dizeli ikiwa na mzigo mdogo usiku huzunguka haraka kidogo, umeme unatoka hezi 51.6, na feni zinafuata: 920 inakuwa karibu 950. Gawa kwa 60, hezi 15.8. Feni zimesogea zikakaa juu ya kitu kinachopenda 15.8.

#38 Zege Nzito

Kitu gani? Wewe mwenyewe ulisema pedi ikitikiswa ni zaidi ya 18. Mimi nasema slabu.

#39 Mzee Bomba

Naweza kuwa nimekosea mara ya kwanza au mara ya pili. Fundi wa Zamu, chila ikiwa imezimwa kabisa, panda kwenye slabu ya paa, simama kwa ncha za vidole kisha jiangushe kwa visigino mara moja. Simu iwe sakafuni pembeni yako. Tuone slabu inaimba ngapi.

#40 Chuma Chakavu

Mpunguzieni gavana jenereta irudi 50 wakati mnabishana. Bure kabisa.

#41 Fundi wa Zamu

Nimempunguzia. Usiku inakaa 50.2, mtetemo umerudi kama wa kawaida. Ila mchana jikoni na pampu zikiingia inashuka 48 na kitu, taa zinapepesa na mpishi mkuu amenitukana.

Jaribio la visigino: kilele kikubwa hezi 11, na kingine kidogo kwenye 16 hivi. Nimerudia mara sita, 16 inatokea mara nne.

#42 Zege Nzito

Hiyo 16 ni slabu, umbo lake la pili. Nimeshinda.

#43 Mzee Bomba

Au ni chila yenyewe iliyozima ikicheza juu ya pedi zake wakati wewe unaruka pembeni. Bado iko juu ya paa, haikuondolewa. Huwezi kuzitenganisha kwa kisigino.

#44 Zege Nzito

Basi aweke jeki mguu mmoja mmoja, atoe pedi, aweke chuma kitupu, aruke tena. 16 ikibaki ni yangu.

#45 Mgebuka Mkavu

Jamaa anaruka juu ya paa la hoteli usiku wa manane, kisha mnamwambia arudie na jeki. Wageni wa 305 sasa watalalamikia fundi.

#46 Fundi wa Zamu

Mwenye hoteli amekubali springi, ila bimu za chuma kasema mpaka bajeti ya mwakani. Kwa hiyo springi zitakaa katikati ya slabu kwanza. Mzee, niagize za mm 25 au niende 38?

#47 Mzee Bomba

Bila bimu, 38. Na mwambie mabomba yatapanda juu na chila, kama sentimita 15 mpaka 20. Asije akasema hakuambiwa.

#48 Dada Mwandiga

Nimehamisha bano la AC. Kimya. Asante mzee. Sasa nasikia friji.